Riba ya Hesabu na Riba ya Kweli

Katika somo hili twataka kuichunguza riba, yaani malipo yatolewayo kwa ajili ya kuitumia fedha ya mtu mwingine kwa muda. Watu wengi huitazama namba iliyoandikwa tu. Wakisikia kwamba chama fulani chatoa 8 kwa mia kwa mwaka, na kingine 5 kwa mia, hudhani kwamba cha kwanza ni chema kuliko cha pili, na shauri limekwisha. Lakini namba ile haitoshi kutuambia kama mwenye akiba amepata faida au amepata hasara. Hatuna budi kuuliza swali la pili: fedha ile itakaporudi mkononi mwake, itanunua nini?

1. Fedha na debe

Na tuanze kwa mfano mwepesi. Tuseme mtu ana shilingi 100,000, na debe moja la mahindi lauzwa shilingi 10,000. Basi fedha yake ni sawa na madebe 10. Akamkopesha jirani yake kwa muda wa mwaka mmoja, kwa riba ya 8 kwa mia. Mwaka ukiisha, jirani amerudisha deni lote kwa uaminifu, shilingi 108,000. Katika daftari yaonekana kwamba mkopeshaji amepata faida ya shilingi 8,000.

Lakini katika mwaka ule bei zimepanda 10 kwa mia, na debe moja sasa ni shilingi 11,000. Zile shilingi 108,000 zikipelekwa sokoni hazinunui tena madebe 10. Zanunua madebe 9 na sehemu nane za kumi, na chembe kidogo juu yake. Mkopeshaji alitoa madebe 10 akarudishiwa pungufu ya 10. Kwa hesabu ya shilingi amepata. Kwa hesabu ya mahindi amepoteza karibu 2 kwa mia. Wala jirani hakumdhulumu, maana alilipa kila senti waliyoagana.

Basi kuna riba mbili. Ile iliyoandikwa katika mkataba tutaiita riba ya hesabu. Ile inayobaki baada ya kuondoa kupanda kwa bei tutaiita riba ya kweli. Riba ya hesabu hujulikana siku ya kukopesha. Riba ya kweli haijulikani mpaka siku ya kulipwa, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa hakika bei zitakuwaje.

Sasa tuseme mkopeshaji huyu alitaka apate kwa kweli 5 kwa mia, yaani badala ya madebe 10 arudishiwe madebe 10 na nusu. Tena alitazamia kwamba bei zitapanda 10 kwa mia. Ilimpasa kuagana riba gani? Madebe 10 na nusu kwa bei ya shilingi 11,000 ni shilingi 115,500. Basi riba ya hesabu ingalikuwa 15 na nusu kwa mia. Angalia kwamba hesabu ya upesi, yaani 5 na 10 kuwa 15, yakaribia, lakini yapungua nusu. Ile nusu yatoka wapi? Ni kwa sababu hata riba yenyewe, lile nusu debe, nalo limepanda bei. Bei zikipanda kidogo, hesabu ya kujumlisha yatosha. Zikipanda sana, yapasa kuzidisha: 1.05 mara 1.10 ni 1.155.

2. Kwa nini riba hufuata bei zinazotazamiwa

Huenda mtu atauliza: Je, watu wa sokoni hufanya hesabu hizi kweli? Wengi hawazifanyi kwa kalamu, lakini hufika mahali pale pale kwa njia nyingine.

Tuseme habari imeenea kwamba mwaka ujao bei zitapanda sana, huku riba ikiwa bado ni ndogo kama zamani. Mwenye fedha atasema moyoni, “Kwa nini nikopeshe fedha itakayorudi imepungua nguvu? Afadhali ninunue mabati, au ng’ombe, au shamba.” Basi wakopeshaji hupungua. Naye mtaka mkopo husema, “Nikikopa leo na kununua mabati, mwakani nitayauza kwa bei ya juu, nitalipa deni na kubakiwa na kitu.” Basi wakopaji huongezeka. Fedha ya kukopesha ikiwa haba na wanaoitaka wakiwa wengi, riba hupanda kama bidhaa nyingine yoyote. Hupanda mpaka mkopeshaji aone tena kuwa yafaa kukopesha, na mkopaji aone kuwa hakuna faida ya bure katika kukopa.

Kadhalika bei zikitazamiwa kushuka, mambo hugeuka. Fedha iliyokaa huzidi nguvu, mkopeshaji huridhika na riba ndogo, na mkopaji huogopa deni litakalomlemea. Lakini upande huu una mpaka: riba haiwezi kushuka sana chini ya sifuri, maana mwenye fedha ataona ni heri kuiweka sandukuni kuliko kulipa ili aikopeshe.

Tazama vema neno “kutazamia.” Riba ya leo haifuati bei za jana, wala haifuati bei za kesho kama zitakavyokuwa hasa. Hufuata bei za kesho kama watu wanavyozidhania leo. Hapo ndipo penye nguvu ya kanuni hii, na hapo ndipo penye udhaifu wake.

3. Habari za rupia

Aliyeifanyia kanuni hii uchunguzi wa namba ni Mwamerika Irving Fisher, mwalimu wa Chuo cha Yale. Mwaka 1896 alitoa kitabu kidogo juu ya jambo hili, na moja ya mifano yake bora ni rupia ya Uhindi. Mfano huu watuhusu, maana rupia ndiyo fedha iliyotumika pwani yetu na Unguja katika siku zile zile. Wafanya biashara wa Kihindi waliileta, na Wadachi walipotawala bara hili walitengeneza rupia yao wenyewe tangu mwaka 1890. Katika nchi za Waingereza za Afrika ya Mashariki, isipokuwa Unguja, iliendelea mpaka mwaka 1920.

Serikali ya Uhindi ilikuwa na madeni ya namna mbili. Hati nyingine ziliahidi kulipa kwa pauni za Kiingereza, ambazo zilikuwa dhahabu. Hati nyingine ziliahidi kulipa kwa rupia, ambazo zilikuwa fedha nyeupe, yaani madini ya fedha. Mdeni alikuwa yule yule mmoja, na uaminifu wake ule ule, na hati za namna zote mbili ziliuzwa London katika soko moja. Hazikupitana ila katika jambo moja tu: kipimo cha malipo. Kwa hiyo, kama riba zake zilitofautiana, sababu haikuwa hofu ya kutolipwa. Ilikuwa ni maoni ya watu juu ya kesho ya rupia.

Huenda msomaji atasema: Riba ya hati si imeandikwa, yawezaje kubadilika? Hubadilika kwa njia ya bei ya hati. Hati iliyoandikwa rupia 100 na kulipa rupia 4 kila mwaka, ikinunuliwa kwa rupia 100, yaleta 4 kwa mia. Watu wakiikataa, bei yake ikashuka hata 80, mnunuzi wa sasa hupata zile rupia 4 kwa kutoa 80 tu, nayo ni 5 kwa mia. Basi bei ya hati ikishuka, riba yake kwa mnunuzi imepanda.

Sasa sikieni yaliyotokea. Mpaka karibu mwaka 1873 rupia moja ilipata senti za Kiingereza 23 hivi, yaani penzi 23, pungufu kidogo ya shilingi mbili za Kiingereza. Ilikuwa imekaa hivyo miaka mingi, wala watu hawakutazamia badiliko kubwa. Katika miaka hiyo riba ya hati za rupia na riba ya hati za dhahabu zilikuwa karibu sawasawa.

Kisha mambo yaligeuka. Ujerumani iliacha kipimo cha fedha nyeupe ikashika dhahabu, ikaanza kuuza fedha yake. Nchi nyingine zikafuata. Na migodi mipya ya Amerika ikatoa fedha nyeupe tele. Madini ya fedha yakashuka thamani mwaka kwa mwaka, na rupia ikashuka pamoja nayo. Mwaka 1894 rupia ilipata penzi 13 tu hivi. Na Fisher alipozipanga riba za hati zile mwaka kwa mwaka, aliona kwamba tangu kati ya miaka ya 1870 zilianza kuachana: riba ya rupia ilikuwa juu ya riba ya dhahabu. Wanunuzi wa London walikuwa wameanza kudai kitu cha ziada kwa ajili ya kuanguka walikokuogopa.

Hesabu yake ni kama ile ya debe. Tuseme hati ya dhahabu yaleta 3 kwa mia. Mtu ana pauni 100, na pauni moja ni rupia 15. Akinunua hati ya rupia iletayo 4 kwa mia, rupia zake 1,500 zitakuwa 1,560 baada ya mwaka. Kama rupia imeanguka 1 kwa mia, hata pauni moja ikawa rupia 15 na sehemu 15 za mia, zile rupia 1,560 zitarudi kuwa karibu pauni 103. Ni sawa na kama angalinunua hati ya dhahabu. Ile 1 ya ziada haikuwa faida. Ilikuwa fidia ya upungufu.

Lakini Fisher aliona jambo la pili, nalo ni la maana kama la kwanza. Tofauti ya riba ilikuwa ndogo kuliko anguko lenyewe. Kutoka penzi 23 hadi 13 katika miaka 21 ni kushuka zaidi ya 2 na nusu kwa mia kila mwaka, lakini hati za rupia hazikuwa zimeongezwa kiasi hicho. Watu waliona mbele, lakini hawakuona mbali vya kutosha. Kila mwaka wengi walidhani kwamba rupia imefika mwisho wa kushuka. Kwa hiyo aliyekopesha kwa rupia, ijapokuwa alipata riba kubwa zaidi katika daftari, mwishowe alipata kidogo kuliko aliyekopesha kwa dhahabu.

4. Matazamio yalipokosea kabisa

Kama katika habari za rupia watu walikosea kidogo, katika Ujerumani baada ya vita ya kwanza ya dunia walikosea kabisa. Mwaka 1914, kabla ya vita, dola moja ya Amerika ilikuwa marki 4 na sehemu mbili za kumi. Serikali ilipigana vita kwa kukopa na kuchapa noti, na baada ya vita iliendelea kuchapa. Hata hivyo wengi waliamini kwamba marki itarudi hali yake ya zamani, maana hawakuwa wamepata kuona jambo jingine. Hata watu wa nchi za nje walinunua marki kwa tumaini hilo.

Benki kuu ya Ujerumani iliweka riba yake kuwa 5 kwa mia tangu mwisho wa mwaka 1914, wala haikuipandisha mpaka Julai 1922. Lakini katika mwaka 1922 peke yake bei za jumla ziliongezeka zaidi ya mara 30. Pimeni hesabu hiyo. Mtu aliyekopa marki 1,000 mwanzo wa mwaka na kununua makaa ya mawe au chuma, mwisho wa mwaka aliweza kuuza sehemu ndogo sana ya mali ile na kulipa deni lote pamoja na riba, mali iliyosalia ikawa yake. Waliojua jambo hili walikopa kadiri walivyoweza. Benki ilipoamka na kupandisha riba, ilikuwa imechelewa: Septemba 1923 riba ilifika 90 kwa mia kwa mwaka, na hiyo nayo ilikuwa si kitu, maana wakati ule bei zilipanda kuliko hivyo katika siku chache.

Na tumtazame mwia mmoja wa mfano. Kabla ya vita amekopesha marki 10,000 kwa mtu ajengaye nyumba, na nyumba ni rehani. Fedha hiyo ilikuwa sawa na dola 2,380 hivi. Novemba 1923 dola moja ilifika marki 4,200,000,000,000. Zile marki 10,000 hazikufikia hata senti moja ya dola. Mdeni aliweza kumaliza deni la nyumba nzima kwa noti isiyotosha kununua mkate, na sheria ya zamani ilisema kwamba marki ni marki. Mwia alikuwa na riba ya hesabu katika mkataba wake, lakini mtaji wenyewe ulikuwa umetoweka. Novemba 1923 mahakama kuu ya nchi ilikataa kuendelea na kanuni hiyo, na sheria ya mwaka 1925 iliwarudishia wenye rehani za namna hii 25 kwa mia ya thamani ya zamani. Robo tatu ilipotea.

Twajifunza hapa kwamba kupanda kwa bei kulikotazamiwa na kupanda kwa ghafula ni mambo mawili. Kulikotazamiwa huingia katika riba, na kila upande hujikinga. Kwa ghafula huchukua mali ya mwia na kumpa mdeni, bila mtu kuiba wala kuvunja ahadi. Na kinyume chake ni kweli pia. Rudini kwenye mfano wetu wa debe: wameagana 15 na nusu kwa mia kwa kutazamia bei zipande 10. Bei zikipanda 2 tu, debe likawa shilingi 10,200, mdeni atarudisha madebe 11 na theluthi hivi. Alidhani atalipa riba ya kweli ya 5. Amelipa zaidi ya 13. Hapo aliyeumia ni mdeni.

5. Jinsi ya kupima

Mwenye akiba leo afanyeje ili asidanganywe na namba? Kwanza, atafute kiasi cha kupanda kwa bei, ambacho siku hizi huitwa mfumuko wa bei. Katika Tanzania Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukitangaza kila mwezi, ikilinganisha bei za vitu vingi na bei za mwezi ule ule mwaka uliotangulia. Kulinganisha mwezi kwa mwezi wake ni jambo la lazima. Mtu akipima debe la Februari, wakati wa njaa, kwa debe la Julai, wakati wa mavuno, atadhani bei zimeshuka, kumbe ni majira tu. Tena asipime kwa mahindi peke yake, kama tulivyofanya katika mfano, maana nauli, mafuta ya taa na ada ya shule navyo ni sehemu ya maisha.

Pili, akumbuke kwamba kiasi kilichotangazwa ni cha mwaka uliopita, lakini fedha yake yafungwa kwa mwaka ujao. Hicho ni msingi wa kukisia, si jibu. Kadiri muda wa mkopo ulivyo mrefu, ndivyo kosa la kukisia linavyozidi. Mkopo wa miezi mitatu waweza kuagwa upya bei zikigeuka. Mkopo wa miaka ishirini hauwezi, isipokuwa mkataba wenyewe umesema kwamba riba itabadilishwa.

Tatu, aangalie makato. Serikali ikitoza kodi juu ya riba, huitoza riba ya hesabu, wala si riba ya kweli. Tuseme riba ni 8 kwa mia, kodi ni sehemu ya kumi ya riba, na bei zapanda 4 kwa mia. Baada ya kodi imebaki 7 na sehemu mbili za kumi. Baada ya bei imebaki 3 na kidogo tu. Ile 8 iliyoandikwa mlangoni imekuwa 3 nyumbani.

Ndiyo sababu twaweza kukuta mahali ambapo riba ya 20 kwa mia ni hasara, na mahali ambapo riba ya 4 kwa mia ni faida njema. Namba hizo hazilinganishwi mpaka bei za kila mahali zijulikane.

Maswali ya kujifunza

1. Mtu ameweka shilingi 200,000 kwa riba ya 6 kwa mia kwa mwaka. Bei zimepanda 9 kwa mia. Je, amepata faida au hasara ya kweli, na kiasi gani?

2. Chama cha kuweka na kukopa chataka riba ya kweli ya 4 kwa mia, nacho chatazamia bei zipande 5 kwa mia. Kiandike riba gani katika mkataba?

3. Kwa nini hati za rupia na hati za dhahabu za serikali moja zilikuwa na riba karibu sawa kabla ya mwaka 1873, na baadaye zikaachana?

Majibu: (1) Shilingi 212,000 zitakazopatikana zina nguvu ya shilingi 194,500 hivi za mwanzo, ni hasara ya karibu 2 na robo tatu kwa mia. (2) 9 na sehemu mbili za kumi kwa mia. (3) Mdeni hakubadilika, wala uaminifu wake. Kilichobadilika ni matazamio ya watu juu ya thamani ya rupia.